Tangazo Lisilo na Mwenyewe

Ndugu msomaji, juma lililopita tuliletewa tangazo lililokuwa limebandikwa mlangoni pa zahanati moja, na aliyetuletea alitaka tumwambie limeandikwa na nani. Zahanati yenyewe hatuitaji, maana kosa lake ni la ofisi nyingi. Tangazo lilisema hivi:

"Wapendwa wazazi, tunatumaini tangazo hili linawakuta mkiwa salama. Tungependa kuwajulisha kwamba zoezi la chanjo litafanyika siku ya Jumamosi kuanzia saa mbili mchana. Ni muhimu kutambua kwamba kila mzazi anahitajika kuleta kadi ya kliniki kwa ajili ya mtoto wake. Chanjo hizi siyo tu zinalinda mtoto wako, bali pia zinalinda jamii nzima. Asante kwa ushirikiano wenu endelevu."

Lisome tena polepole. Ngeli hazigombani, na hakuna neno lililokosewa herufi. Mwalimu angelipa alama nzuri. Lakini mtu aliyekulia katika Kiswahili akilisikia likisomwa kwa sauti huinua kichwa, kama aliyesikia hatua za mgeni uani. Sisi twasema limetungwa na mashine, hizi zinazoitwa akili mnemba, na ya kwamba nyuma yake kuna Kiingereza. Sababu zetu ni hizi.

Tuanze na saa, kwa kuwa hapo ndipo watu walipoumia. Kwetu saa moja ni saa ya kwanza baada ya mapambazuko, au ya kwanza baada ya magharibi. Saa mbili basi ni ya asubuhi au ya usiku. Saa mbili ya mchana haijapata kuwako. Bwana wa ofisi alikusudia saa nane, ambayo Waingereza huitaja kwa namba mbili, na mashine ikaichukua namba kama ilivyo, ikabadilisha maneno ya pembeni tu. Ikawa wazazi walioshika neno "mbili" walifika asubuhi na mapema, wakakaa na watoto juani mpaka saa nane. Walioshika neno "mchana" wakaja kwa kubahatisha, mmoja saa sita, mwingine saa tisa.

Hata hivyo kosa hilo lina nafuu, maana linajifichua lenyewe: namba na wakati wa siku havipatani. Linalotutia hofu ni lile lisilojifichua. Saa moja ya jioni kwa Kiingereza hutajwa kwa namba saba. Ikihamishwa vile vile husomeka "saa saba usiku", na hayo ni maneno halali kabisa ya Kiswahili, isipokuwa maana yake ni saa nzima baada ya usiku kati. Mgonjwa aliyepewa karatasi ya namna hiyo ataamka gizani kumeza dawa aliyopaswa kuimeza wakati wa chakula cha jioni. Kwa hiyo ukiishuku karatasi, zijaribu saa zake: ongeza sita au punguza sita, uone ipi inaingia akilini zaidi.

Dalili ya pili imo katika neno "wako". Tangazo linaanza kwa kuwaita wazazi wengi, katikati linasema "mtoto wako", na mwisho linarudi kwenye "ushirikiano wenu". Nani huyu anayesema na umati, kisha ghafla na mtu mmoja, kisha na umati tena? Mswahili hapotei hapo hata akiwa amechoka, kwa sababu wewe na ninyi kwetu ni watu mbalimbali. Kiingereza cha leo kina neno moja tu kwa wote wawili. Anayelitafsiri lazima achague kila mara, na mashine huweza kusahau ilichochagua mstari wa juu.

Ya tatu yataka sikio zaidi. Tangazo linasema chanjo "zinalinda mtoto wako". Wewe ungesema "zinamlinda". Ile "m" ndogo ndiyo inayomshika mtoto mkono. Ikikosekana anayetajwa akiwa mtu, sentensi hubaki baridi. Kiingereza hakina kiungo cha namna hiyo ndani ya kitenzi, ndiyo maana huanguka njiani. Na kiungo hicho kina kazi nyingine kubwa. Ndicho kinachotuwezesha kulitanguliza jambo tunalotaka lisikike kwanza: kadi msizisahau, maji tumeyachota, mgeni mmemwona? Lakini katika maandishi ya mashine utasoma ukurasa mzima, na kila sentensi imepanga mtendaji, kitendo, kitendwa, kama askari kwenye gwaride. Sentensi moja ya hivyo haina kosa. Ishirini mfululizo si usemi wa mtu.

Pamoja na hayo tazama "kuleta kadi ya kliniki kwa ajili ya mtoto wake". Lugha yetu ina njia fupi ya kusema kitendo na anayetendewa: mletee, mpikie, mwandikie. Mahali ambapo kitenzi kingebeba mzigo huo chenyewe, mashine hupenda kuutua chini na kuandika "kwa ajili ya".

Sasa adabu. Tangazo hili lina adabu nyingi kupita kiasi, na hakuna hata moja iliyo yetu. Ofisi haimwiti mzazi mpendwa. Mpendwa ni wa nyumbani au wa kanisani. "Linawakuta mkiwa salama", "ni muhimu kutambua", "endelevu": hayo ni makoti ya baridi yaliyovaliwa pwani. Mashine hiyo hiyo ikiambiwa imwandikie shangazi, huweza kuanza na "Habari za asubuhi, Shangazi", ikamweleza mambo kwa "aidha" na "hivyo basi", na shikamoo isionekane. Mtoto wa kweli angeandika shikamoo, na mengine yangefuata ovyo ovyo, lakini shangazi angemtambua mwandishi.

Mashine haikuzaliwa na kiburi. Imejifunza kutokana na maandishi yaliyokusanywa kwa wingi mitandaoni, na humo Kiingereza peke yake huchukua zaidi ya sehemu nne katika kumi, hali Kiswahili hakifiki hata sehemu moja katika mia. Na hicho kidogo kwa sehemu kubwa ni habari za magazeti, maandiko ya dini na tafsiri. Maneno ya kisimani, ya sokoni na ya barazani hayakuandikwa na mtu. Haikuyasikia.

Tulimpa karani wetu tangazo lile, tukamwambia aliandike kama anavyosema. Akaandika: "Wazazi mnatangaziwa kuwa Jumamosi hii, saa nane mchana, kuna chanjo ya watoto. Kadi za kliniki msizisahau. Aliyepoteza kadi aje hivyo hivyo, ataandikiwa nyingine." Linganisha. "Mnatangaziwa" peke yake limefanya kazi ya "tungependa kuwajulisha kwamba". Kadi zimetangulia. Na limeongezeka jambo ambalo mashine haikulijua: kwamba kuna mama atakayebaki nyumbani kwa aibu ya kupoteza kadi.

Lakini msimshike mtu kwa dalili moja. Kiswahili cha kutafsiriwa kilikuwamo maofisini mwetu tangu enzi za serikali ya kikoloni, miaka mingi kabla ya mashine hizi, na wako makarani waliosomea kwa Kiingereza ambao "ni muhimu kutambua" huwatoka wenyewe. Hata "zinalinda mtoto" huweza kumponyoka mtu kalamuni. Dalili zikiwa tatu au nne katika karatasi moja, na miongoni mwao saa isiyokuwako, hapo mwite aliyeitia sahihi, umwombe akueleze kwa mdomo tangazo lake linasema nini, na watu wafike saa ngapi.