Usingizi Haukatwi Vipande Sita

Umeingia miongoni mwa vijana wetu mtindo wa kuuona usingizi kuwa hasara. Umewashika hasa wanafunzi wa vyuo na wale wanaofanya kazi mbili kwa siku. Wanaambiwa kwamba kulala saa saba au nane ni kupoteza theluthi ya maisha, na kwamba mwenye nia thabiti aweza kulala saa mbili tu kati ya 24 akabaki mzima wa afya na mwepesi wa akili. Mimi nasema hilo si kweli kwa watu walio wengi, na anayelijaribu hudhurika kabla hajatambua kwamba amedhurika. Hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ratiba inayosifiwa kuliko zote huitwa Uberman. Mfuasi wake halali usiku kama wenziwe, bali hulala dakika 20 kila baada ya saa nne: saa nane usiku, saa kumi na mbili alfajiri, saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Jumla yake ni saa mbili kamili. Iko nyingine iliyo nafuu kidogo, Everyman, yenye saa tatu za usiku na vipande vitatu vya dakika 20 mchana. Wanaozihubiri hupenda kumtaja Leonardo da Vinci, ingawa hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba alilala hivyo. Aliyesimulia habari zake mwenyewe ni Buckminster Fuller, mbunifu wa Kimarekani. Mwaka 1943 gazeti la Time liliandika kwamba alilala nusu saa kila baada ya saa sita kwa muda wa miaka miwili hivi. Gazeti hilo hilo likaeleza kwamba aliiacha ratiba hiyo kwa sababu haikupatana na saa za washirika wake wa biashara, ambao walilala kama watu wengine. Sehemu hiyo ya habari hairudiwi sana.

Hoja ya wanaozihubiri ratiba hizi ni hii. Usiku, wanasema, mwili hupitia hatua nyingi za usingizi ambazo hazina kazi, na chenye faida ni usingizi wa ndoto peke yake. Basi ukiunyima mwili usingizi kwa wiki mbili tatu, utajifunza kuingia kwenye ndoto mara tu unapofumba macho, na dakika 20 zitakutosha.

Tuanze na usiku wa kawaida. Mtu akilala saa nne usiku, ubongo wake hupita katika mizunguko, kila mmoja ukichukua karibu dakika 90. Katika mizunguko ya kwanza hutawala usingizi mzito, ule ambao ukimwita mtu haitiki, na ukimwamsha kwa nguvu huduwaa asijue yuko wapi. Huo ndio wakati mwili humwaga sehemu kubwa ya homoni ya ukuaji. Usingizi wa ndoto huja kidogo kidogo mwanzoni, kisha hurefuka kuelekea alfajiri. Hatua zote mbili zina kazi yake, na zote zahitajika ili aliyoyasoma mtu mchana yakae kichwani. Sasa, mtu aliyenyimwa usingizi akipata nafasi ya kulala, ubongo wake hudai kwanza ule mzito, kwa kuwa ndio deni la karibu zaidi. Ndoto hungoja. Kwa hiyo ahadi yao imegeuzwa juu chini: kadiri unavyojinyima, ndivyo zile dakika 20 zinavyomezwa na usingizi mzito, nayo alamu hukuamsha pale ambapo kuamka ni kugumu kuliko mahali pengine popote.

Nilimwona kijana mmoja wa mtaani kwetu akiishi kwa ratiba hii alipokuwa akijiandaa kwa mitihani ya chuo. Alikuwa na alamu sita kwenye simu, na chini ya meza ameweka beseni la maji baridi ambamo alitumbukiza miguu ili asisinzie. Daftari lake lilikuwa na ushahidi zaidi kuliko maneno yake. Mistari ya mwanzo ilikuwa imenyooka, kisha herufi zikaanza kuteleza, sentensi ikakatika katikati, kalamu ikaburuta mstari mrefu hadi ukingoni mwa karatasi. Ule mstari ulikuwa usingizi wa sekunde chache uliompitia huku ameketi na pengine macho yako wazi. Aliniambia kwamba hakuwa amesinzia hata kidogo, wala hakuwa akidanganya.

Tazama tena zile nyakati sita za Uberman, maana ndani ya mwili kuna mambo mawili yanayotawala kulala. La kwanza ni mzigo wa kukesha: tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini huongezeka katika ubongo na kukuvuta ulale. Kahawa haiiondoi, huizuia tu kwa muda isisikike. La pili ni saa ya mwili, kituo kidogo ndani ya ubongo kinachofuata nuru ya mchana na giza la usiku. Saa hiyo haijali nia ya mtu. Miaka ya 1980 mtafiti wa Kiisraeli, Peretz Lavie, aliwaweka watu kwenye ratiba ya dakika 20 zikirudiwa mchana na usiku: dakika saba kujaribu kulala kitandani, dakika 13 kuwa macho. Kama mwili ungekuwa tayari kulala wakati wowote unapoamriwa, wangelala sawasawa katika kila zamu. Haikuwa hivyo. Mapema usiku, katika saa chache kabla ya wakati wao wa kawaida wa kulala, usingizi ulikataa kuja hata kwa waliochoka, kisha ukafunguka ghafla kama mlango. Alasiri nako kulikuwa na mlango mdogo.

Linganisha na ratiba. Kipande cha saa nane mchana kitafaulu, kwa kuwa mwili wenyewe huwa umelegea wakati huo. Cha saa kumi na mbili jioni, na mara nyingi kile cha saa nne usiku, huangukia katika saa ambazo mwili umefunga mlango au ndio kwanza unaufungua. Mtu hulala chali akitazama dari, dakika 20 zinapita bure, na anaambiwa kwamba kosa ni lake, hana nidhamu. Halafu inafika saa nane usiku, joto la mwili linashuka na deni limejaa. Anazama kama jiwe, alamu inalia, anaizima bila kukumbuka kwamba ameizima, na anaamka jua limeshapanda. Watu wengi huiacha ratiba hapo, wakijilaumu kwa udhaifu. Napenda wajue kwamba kilichowashinda ni kile kile ambacho kingemshinda yeyote aliyeumbwa kama wao.

Wapo wanaostahimili siku za mwanzo, nao hutoa ushuhuda: "Nimeshazoea." Ushuhuda huu ndio unaowavuta wengine, na hapa ndipo penye hatari. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha utafiti wa watu wazima 48 wenye afya. Kundi moja lililala saa nane kila usiku, jingine sita, jingine nne, kwa siku 14 mfululizo ndani ya maabara. Mara nyingi kila siku walipewa jaribio jepesi: kutazama kioo na kubonyeza kitufe mara tu ishara inapotokea. Waliolala saa sita na waliolala saa nne waliendelea kuzorota siku baada ya siku, bila kufika mahali pa kutulia. Mwisho wa wiki mbili makosa yao yalifanana na ya mtu aliyekesha usiku mmoja mzima, au hata miwili. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, jibu lilikuwa jingine: baada ya siku chache za kwanza, hisia ya kusinzia iliacha kuongezeka kwa kasi, wakajiona wamezoea kiasi. Uwezo unashuka, hisia inanyamaza. Ikiwa saa nne au sita zinafanya hivyo, sioni mbili zitaokoka vipi.

Basi mtu aliyekosa usingizi hafai kuwa shahidi wa hali yake mwenyewe. Vipo vipimo vya ukweli zaidi. Katika kliniki za usingizi mtu hulazwa mchana katika chumba chenye giza, ikapimwa ni dakika ngapi zitapita kabla hajalala. Akilala chini ya dakika tano, huyo ana usingizi uliopindukia. Hivyo wanaojisifu kwamba wakigusa mto tu wamelala wanatangaza deni lao. Kipimo cha nyumbani ni siku ya mapumziko: zima alamu zote. Ukilala saa mbili tatu zaidi ya kawaida yako, ratiba yako ya wiki haikutoshi.

Kuna watu wachache sana ambao saa chache huwatosha kweli. Mwaka 2009 Ying-Hui Fu na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza badiliko la jeni iitwayo DEC2 katika mama na bintiye waliolala kiasi cha saa sita na robo. Hata hao hawakulala mbili. Tena watu wa namna hiyo huzaliwa hivyo: siku ya mapumziko hawalali zaidi, na hakuna zoezi la kumfanya mwingine awe kama wao.

Wako pia mabaharia wanaoshindana peke yao baharini, ambao daktari Claudio Stampi aliwachunguza. Hao hulala kwa vipande kwa sababu chombo hakina mwangalizi mwingine. Ni mbinu ya dharura, ya kupunguza madhara pale ambapo kulala vizuri hakuwezekani, nao wakifika bandarini hulala. Mwaka 2021 jopo la wataalamu lililoitishwa na Wakfu wa Kitaifa wa Usingizi wa Marekani lilipitia tafiti zilizopo, likakuta hakuna ushahidi wa faida ya ratiba hizi, bali madhara kwa afya, akili na utendaji, na halikuzipendekeza.

Asije mtu akadhani napinga kailula. Kulala kidogo baada ya adhuhuri ni desturi njema ya pwani yetu, na inakubaliana na mlango ule wa alasiri aliouona Lavie. Anayeamka kwa daku naye halali kwa Uberman: hulala sehemu kubwa ya usiku, na mchana hujazia kilichopungua. Tofauti ni kwamba kipande cha mchana kinauongezea usingizi wa usiku, hakikai mahali pake.

Nawasihi vijana: mtu mzima ahitaji saa saba au zaidi, na ninyi mlio sekondari nane hadi kumi. Kama usiku umekatika, lala dakika 20 mchana kabla ya saa tisa, kisha urudi kitandani usiku kwa wakati wako. Dereva wa lori au basi asiyepata hata hilo asishike usukani, na mwenye gari asimlazimishe. Na wewe mzazi, ukimkuta mwanao amelalia daftari saa sita usiku, usimwamshe asome. Mwondolee beseni, zima zile alamu, mpeleke akalale.