Utangulizi, Kiini na Hitimisho Havimsaidii Aliyeitwa Ghafla

Walimu wetu wa Kiswahili hapa Uganda hutufundisha kwamba kila hotuba ina utangulizi, kiini na hitimisho. Kwa insha, sawa. Lakini kwa mtu aliyeitwa ghafla hayo ni majina ya vyumba vitupu. Hayamwambii aseme nini. Ndiyo maana wengi hutaja wageni mmoja mmoja mpaka dakika mbili zao zinaisha.

Mimi nasema tushike jana, leo, kesho. Tuseme mnamuaga mwenzenu anayehama, na unaitwa. Jana: "Alipofika bwenini hakujua hata kuitikia hujambo." Leo: "Sasa ndiye anayetusahihisha ngeli." Kesho: "Huko aendako, atuandikie kwa Kiswahili." Kaa chini. Kila neno linakuletea jambo la kusema, na kesho inakuonyesha pa kuishia, mahali ambapo wasemaji wengi huzungukazunguka.

Watanipinga kwamba mpango huu haufai kila mahali. Kweli. Ukiulizwa maoni yako kuhusu sare za shule, jana haikusaidii. Hapo shika msimamo, sababu, mfano. Salamu ni moja tu kwa wote, hata mkuu wa shule akiwepo.