Asali ya Koboko: Tuache kuhesabu jerikani, tupime kilo na maji

Mfanyabiashara anayenunua asali Arua au Koboko na kuipeleka Oraba, kwenye mpaka wa Sudan Kusini, kwa kawaida huulizwa swali moja: jerikani ngapi? Mimi naona swali hilo ndilo linalotula faida. Jerikani haisemi asali ina uzito gani wala ina maji kiasi gani, na faida imefichwa katika mambo hayo mawili.

Tuanze na uzito. Lita moja ya asali nzuri ina takriban kilo 1.4. Kwa hiyo jerikani ya lita 20 ina kilo 28, si 20. Tuseme, kwa mfano tu, kilo inauzwa shilingi 10,000 za Uganda. Anayehesabu lita kana kwamba ni kilo anapoteza kilo nane, yaani shilingi 80,000, kwa kila jerikani. Mnunuzi wa mjini anayefungasha chupa za nusu kilo anapata chupa 56 humo. Yeye hesabu anaijua.

Sasa tupange mzigo wa jerikani 10, tukianzia sokoni na kurudi porini. Jerikani 10 ni kilo 280 za asali safi. Masega ghafi yakikamuliwa na kuchujwa, tukadirie kwamba asilimia 70 inatoka asali. Basi tunahitaji kilo 400 za masega. Mzinga wa vibao vya juu ukitoa kilo 10 kwa mavuno, tunahitaji mizinga 40 yenye nyuki. Lakini si kila mzinga uliotundikwa hupata nyuki. Tukikadiria kwamba miwili kati ya mitatu inapata, itabidi kutundika 60. Wengi huweka hesabu ya mizinga 40, kisha hushangaa mzigo unapopungua kwa theluthi.

Mpango huu una mavuno mawili kwa mwaka. Usibane la tatu. Anayekwangua masega yote huwafukuza nyuki, na msimu unaofuata anavuna mzinga mtupu. Masega yenye majana na sehemu ya asali yabaki ndani.

Jambo la pili, maji, ndilo linalovunja biashara njiani. Kiwango cha kimataifa kinataka maji yasizidi asilimia 20. Asali ikizidisha hapo inaweza kuchacha: povu linapanda, jerikani inavimba, na harufu inakuwa ya pombe. Mnunuzi wa Juba akiipokea hivyo, safari ijayo hapokei simu yako.

Mara nyingi chanzo ni kuvuna mapema kwa sababu mfugaji anahitaji fedha. Sega lililoiva limezibwa kwa nta angalau robo tatu. Ukilitikisa na matone yakaruka, lirudishe mzinganini. Masega yenye majana yasichanganywe na ya asali, kwa kuwa majimaji yake huharibu ladha na huharakisha kuchacha. Baada ya kuchuja kwa kitambaa, asali itulie siku mbili au tatu katika ndoo yenye mfuniko unaobana, kisha povu liondolewe. Ndoo isiachwe wazi, hasa wakati wa mvua, maana asali hunyonya unyevu wa hewa. Wala isichemshwe. Jerikani iliyowahi kubeba mafuta ya taa haifai hata ikioshwa mara kumi.

Wapo wanaosema mzani unatosha. Hautoshi. Mtu akitoa lita mbili za asali na kujaza maji, jerikani inapungua chini ya kilo moja tu, na mzani wa sokoni huenda usionyeshe. Kinachohitajika ni refraktomita, kifaa kidogo cha mkononi kinachosoma maji kwa tone moja au mawili. Mfanyabiashara mmoja ataona ni gharama. Watu 10 wakichangia, hawatauhisi mzigo.

Mpakani nako hesabu ya kilo inasaidia. Kilo 280 kwa bei yetu ya mfano ni shilingi 2,800,000, chini sana ya dola 2,000. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ilijiunga nayo mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, ina cheti rahisi cha uasili kwa mizigo isiyozidi thamani hiyo. Kiulize forodhani kabla ya kupakia. Lakini kumbuka: cheti hicho kinathibitisha bidhaa imetoka wapi. Hakithibitishi ubora wake.

Ndiyo maana nasema vikundi vya wanunuzi wa Arua na Koboko viweke bei mbili za wazi kwa kilo: ya juu kwa asali yenye maji chini ya asilimia 20, na ya chini kwa inayozidi, ambayo isisafirishwe bali iuzwe haraka hapohapo. Mfugaji anayelipwa sawasawa kwa asali mbichi na iliyoiva hana sababu ya kusubiri wiki mbili zaidi. Tukimlipa kwa kusubiri, atasubiri.