Neno "Kwa Pamoja" katika Mapatano ya Uchumaji



Wengi wetu hupatana na mkandarasi aje na ngazi zake na kamba zake atuchumie karafuu. Akianguka yeye mwenyewe shambani kwetu, ndipo karatasi ya mapatano itafutwapo, nayo mara nyingi husema ama "mwenye shamba hahusiki na ajali yoyote", ama "pande zote mbili zitawajibika kwa pamoja". Rai yetu ni kuwa maneno yote mawili hayafai.

La kwanza si la haki. Mwenye shamba ndiye ajuaye mkarafuu ulioliwa na mchwa na kisima cha kale kilichofunikwa na majani. Mgeni hawezi kuyajua asipoambiwa. La pili lapendeza masikioni, lakini halisemi nani abebe kiasi gani. Tena, aumiapo mtu wa tatu, "kwa pamoja" kwaweza kufahamika kisheria kuwa ana hiari ya kumdai mmoja wenu fedha zote, kisha huyo ndiye ahangaike na mwenziwe.

Lifaalo ni kugawa kwa sababu ya ajali, hivi: "Mwenye shamba atajibu kwa hatari za shamba na miti alizozijua, au zilizompasa kuzijua, asizionyeshe. Mkandarasi atajibu kwa vyombo vyake na namna ya kazi yake. Sababu zikikutana, kila mmoja atachukua hasara kwa kadiri ya kosa lake."

Tuseme tawi kavu limevunjika, na mwenye shamba alijua kuwa ni bovu akanyamaza. Lakini mkandarasi naye alijifunga kamba iliyochakaa, ikakatika. Matibabu na siku alizokosa kazi ni Shs. 600,000/-. Wakiafikiana kuwa kosa la mwenye shamba ni theluthi mbili, atalipa Shs. 400,000/-, na Shs. 200,000/- zitabaki juu ya aliyeanguka. Huko Uingereza, kabla ya sheria ya mwaka 1945, kosa dogo la aliyeumia liliweza kumnyima fidia yote. Tangu hapo hakimu hupunguza tu kwa kadiri ya kosa.

Maneno hayo hayatasaidia ikiwa hapana ushahidi wa kilichoonyeshwa. Kabla ya kazi, wawili hao na wapite mti kwa mti. Tawi lisilo na majani, lililobambuka gome, au litoalo sauti ya uwazi likigongwa, litiwe alama ya chokaa na kuandikwa nyuma ya karatasi, nao watie saini. Akilikwea baada ya hapo, kosa limehamia kwake.

Na tusisahau: mapatano huwafunga waliotia saini tu. Mchumaji aliyeletwa na mkandarasi hakutia saini, na haki yake ya kudai haipunguzwi na maneno yenu wawili.