Barua Zetu: Mwalimu, kwa nini 13 kati ya 20?

Kama kawaida, safu hii inachapa barua moja ambayo mwanachama ameiandika kwa Kiswahili kwa mtu halisi, kuhusu jambo halisi. Safari hii ni mwenzetu wa mwaka wa pili kemia, ambaye kwa bahati mhadhiri wake pia ni Mswahili. Majina tumeyaacha.

Shikamoo Mwalimu,

Natumaini u mzima, na nyumbani wote hawajambo. Nakuandikia kuhusu ripoti yangu ya titresheni ya siki. Nimepata 13 kati ya 20, na kwa kuwa alama hizi zinaingia kwenye matokeo ya mwaka, naomba unieleze zile 7 zimekwenda wapi.

Mbili naziona: umeandika pembeni, “Kwa nini umetupa data?” Ni ule mzunguko wa kwanza, sm³ 21.90. Mwalimu, huo ulikuwa wa kukadiria. Nilifungua byureti kwa kasi ili nijue rangi itabadilika wapi, na kwenye jedwali nimeuandika hivyo hivyo, “wa kukadiria”. Sikuuficha, ila sikuuingiza kwenye wastani. Kama kwako sheria ni nyingine, naomba niijue kabla ya zoezi lijalo.

Zile tano ndizo zinazoninyima usingizi. Umeandika, “Jibu liko juu. Uzembe wa kusoma byureti.” Mizunguko yangu mitatu ilikuwa 21.25, 21.30 na 21.25, wastani 21.27. Siki tuliizimua mara kumi, tukachukua sm³ 25.00 kwa pipeti, na chupa ya NaOH ilikuwa na lebo ya moli 0.1000 kwa lita. Hesabu inatoa gramu 5.11 za asidi katika kila sm³ 100 za siki. Jibu lako ni 5.00, ambalo lingehitaji sm³ 20.82 tu. Basi nimezidisha sm³ 0.45, karibu matone tisa.

Mtu asiyesoma byureti vizuri hukosea huku na huku: leo juu, kesho chini. Majibu yake hutawanyika. Yangu yamekaa pamoja, yametofautiana kwa tone moja, na yote yamehama upande mmoja. Hilo linanionyesha kwamba tatizo liko kwenye kitu ambacho mizunguko yote mitatu ilikitumia, na mimi naishuku chupa.

Meza yetu ilipewa ile ya karibu na dirisha. Lebo yake ilikuwa ya Jumatatu, nasi tulifanya zoezi Alhamisi. Ilibaki kama robo lita, mdomo mpana, haina kifuniko, imewekewa kipande cha karatasi tu. (Nimeandika haya ukurasa wa pili wa ripoti, chini ya “Hali ya vifaa”.) NaOH ikikaa wazi hunyonya kaboni dioksaidi ya hewani:

2NaOH + CO₂ → Na₂CO₃ + H₂O

Moli mbili za NaOH zinageuka moli moja ya kaboneti. Sasa, kwa fenolifthalini rangi ya waridi inatokea kaboneti ikiwa imefika kwenye bikaboneti tu, yaani imemaliza moli moja ya asidi badala ya mbili. Kwa hiyo nguvu iliyopotea haionekani kwa macho, lakini byureti inalazimika kumwaga zaidi. Kwa mizunguko yangu, NaOH ile ingekuwa na nguvu ya moli 0.0979, si 0.1000. Wenzetu wa meza ya pili, waliofunguliwa chupa mpya, walipata 20.85 kwa siki ile ile iliyozimuliwa. Sisi wawili tuliotumia chupa ya dirishani ndio tuliokatwa tano tano.

Sisemi nina hakika. Ila linapimika. Fundi wa maabara ameniambia masalio ya chupa yapo, na tangu siku ile ameyafunga vizuri. Naomba ruhusa ya kupima gramu 0.511 za KHP iliyokaushwa, niiyeyushe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, niititreti kwa masalio hayo mbele yako. Lebo ikiwa kweli, nitatumia sm³ 25.0. Ikiwa imedhoofika ninavyodhani, itakuwa kama 25.6. Kama imenyonya zaidi baada ya Alhamisi, tofauti itakuwa kubwa kidogo. Kwa hiyo kipimo hiki kitathibitisha chanzo, lakini hakitanipa namba kamili ya siku ile.

Ikitoka 25.0, alama zibaki zilivyo, nami sitarudi tena mlangoni kwako kwa jambo hili. Ikizidi, naomba ripoti zote mbili za chupa ile zisahihishwe upya, si yangu peke yangu.

Niko huru Jumanne baada ya saa nane, au wakati wowote utakaonipangia.

Wako,
Mwanafunzi wa meza ya tatu, maabara ya Alhamisi