Salamu Haijamchelewesha Mtu Kaunta

Siku hizi imegeuka hoja ya wajanja: mjini hakuna muda wa salamu. Mtu anaingia duka la dawa Kariakoo, simu sikioni, anatupa neno moja kaunta: "Panado." Ukimuuliza mbona hukusalimu, anakujibu kwamba amekuja kununua, hakuja kuposa. Kwake yeye salamu ni mambo ya kijijini, ya watu wenye mchana mzima wa kukaa barazani. Mimi nasema huo ni uvivu wa mdomo unaosingizia haraka.

Wenye hoja hiyo wanachanganya salamu na kujuliana hali. Kujuliana hali ni kule kuulizana habari za nyumbani, wazee wanaendeleaje, yule mgonjwa ametoka hospitali, mvua huko kwenu imenyesha. Hayo ni marefu kweli, na hakuna muuzaji anayeyadai. Kinachodaiwa mlangoni ni mzunguko mmoja tu: wewe unaanza, mwenzako anaitika, unasema shida yako. "Shikamoo mama." "Marahaba, karibu." "Naomba Panado." Yaseme kwa sauti huku ukitazama saa, uone kama yatamaliza hata sekunde tano. Halafu mtu huyohuyo aliyekosa sekunde hizo anasimama palepale akitafuta chenji mifukoni.

Kwa nini basi ukimya wake unauma? Kwa sababu kwetu duka na ofisi si njia ya kupita. Ni mahali pa mtu. Aliyekuwepo ndiye mwenyeji, anayeingia ni mgeni hata kama pesa ni zake. Waliosoma madrasa wanaikumbuka kanuni: aliyepanda mnyama humsalimu anayetembea, anayetembea humsalimu aliyeketi, wachache huwasalimu wengi, na mdogo humsalimu mkubwa. Sasa mtazame anayeingia dukani. Anatembea, wenzake wameketi. Yuko peke yake, wao wawili au watatu. Mara nyingi zamu ya kuanza ni yake, na bara, kwa watu wasiojua hata herufi moja ya madrasa, utakuta matarajio ni yaleyale. Anayeingia kimya anamwambia mwenyeji, bila kutamka, kwamba hapo hakuna mtu.

Mahali ambapo hasara ya ukimya huonekana wazi ni ofisi ya serikali ya mtaa. Chukua kijana anayefuata barua ya utambulisho ili akafungue akaunti benki. Nje kuna benchi, watu wamekaa. Anawapita, anasukuma mlango, anachungulia na kusema, "Nataka barua." Benchi lote linaguna. Ndani mtendaji, ambaye alikuwa na mtu mbele yake, anamwambia asubiri zamu. Kijana anarudi nje, hajui yuko nyuma ya nani, na sasa hakuna mwenye hamu ya kumwelekeza.

Angefanya hivi. Kwanza benchi: "Habari zenu jamani. Wa mwisho ni nani?" Salamu hiyo ina faida ambayo wenye haraka hawaijui: watu wa benchi ndio wenye taarifa. Mmoja atamwambia mwenyekiti ametoka na muhuri anao yeye. Mwingine atamuuliza kama amepita kwa mjumbe wake, au kama amekuja na picha. Ndani ya dakika moja kijana anajua akae au akimbie nyumbani kufuata kinachokosekana. Zamu ikifika: "Hodi." Anangoja "karibu", na kama mlango uko wazi haachi kupiga hodi kwa sababu hiyo. Akiingia: "Shikamooni." "Marahaba." "Nina shida ya barua ya utambulisho, ya kufungulia akaunti benki." Amemaliza, wala hakuuliza habari za watoto wa mtu.

Najua wengi hukwama kwenye kuchagua salamu, na wakisitasita huona bora wanyamaze. Mzee au mtu wa umri wa mama yako, shikamoo, bila kutazama cheo. Meneja kijana anayepishana na mhudumu mzee anayepiga deki ndiye anayepaswa kumwamkia, na wenye malezi hufanya hivyo kila asubuhi. Mtu wa rika lako, au yule ambaye umri wake huusomi, "Habari za kazi?" inatosha; ukimwamkia wa rika lako utamzeesha, na atakununia kwa haki. Mkiwa wengi chumbani na yumo hata mzee mmoja, "Shikamooni" inamheshimu yeye na vijana wataelewa. Zanzibar "Asalaam aleikum" inamaliza kazi kwa umri wowote. "Mambo" waachie washikaji wako. Kwa mama aliye nyuma ya kaunta ni utovu wa adabu uliovaa tabasamu.

Wakati wa kusalimu nao una akili yake. Wakala wa pesa akiwa anahesabu noti, usimsemeshe. Ukimkatisha ataanza upya, na hiyo ndiyo hasara halisi ya muda. Simama mahali anapokuona, mpungie mkono, salimu akishaziweka chini. Muuzaji akiwa anamhudumia mwingine, salimu wote wawili kwa neno moja kisha nyamaza. Usiiunganishe salamu na shida yako kwa pumzi moja, "habariyakonaombasukarinusu," maana hapo hujasalimu. Umebisha na kuingia kabla ya kukaribishwa. Simu malizia nje. Na duka kubwa la kujichukulia bidhaa mwenyewe halikudai umsalimu kila mtu tangu mlangoni. Pale salamu yako inamngoja anayepokea pesa.

Siwatetei walio upande wa pili wa kaunta. Kuna wahudumu wanaoitika kwa "Sema!" au kwa kunyanyua kidevu tu, kisha wanalalamika kwamba wateja hawana adabu. Kuna wengine wabaya zaidi, wanaoifanya salamu kuwa ada ya kiingilio: "Kwenu hamsalimiani?" halafu faili linawekwa chini ya mengine. Huduma ni haki ya mwananchi, hata aliyekosa malezi. Na mtu aliyembeba mtoto mwenye degedege akaingia zahanati akipiga kelele, anayemdai shikamoo kwanza hafai kuvaa lile koti jeupe. Dharura inafuta zamu zote. Ila Panado ya maumivu ya kichwa si dharura, wala vocha, wala barua ya benki.

Wapo watakaosema wao wana aibu, si jeuri. Naliamini hilo kwa baadhi yao, kwani kuingia chumba chenye macho manane yanayokutazama si jambo dogo. Lakini mwenye aibu ndiye ambaye salamu inamfaa kuliko wote, maana inampa maneno ambayo hakuyatunga yeye na jibu analolijua tangu mtoto. Kinachomtisha ni ule ukimya, na ukimya huo anauleta mwenyewe mlangoni.

Kwa hiyo, wewe mwenye haraka, kesho ukifika kaunta toa spika sikioni, mtazame aliyekaa usoni, anza wewe, na usubiri aitike kabla ya kutaja unachotaka. Nawe uliyekaa, itika kwa neno zima, hata kama foleni imefika barabarani.