Usiulize Jina la Tableti, Uliza Waya Wake

Wauzaji wa vifaa vya simu hapa Nairobi wana swali moja wanalolipenda mno: "Ni ya kampuni gani?" Kwa maoni yangu, swali hilo halisaidii kitu. Tableti nyingi za bei nafuu zina majina ambayo hutayaona tena popote. Hebu sikiliza mazungumzo haya niliyoyashuhudia nikiwa kwenye foleni dukani, barabara ya Luthuli.

– Kijana wangu, naomba chaja ya hii tableti.

– Karibu, mama. Ni ya kampuni gani?

– Hata sijui. Mtoto alinunuliwa na mjomba wake.

– Jina hili silijui. Lakini tundu lake ni USB-C, kwa hivyo chaja yoyote ya kisasa itaingia. Chukua hii ya wati 65, shilingi 3,500 pekee.

– Tuijaribu kwanza.

(Akaichomeka. Dakika tano, kioo cheusi.)

– Pole, mama. Tableti imekufa. Mpelekee fundi.

– Imekufaje na juzi ilikuwa ikichaji? Chaja yake ndiyo imepotea. Ilikuwa ile yenye tundu pana.

– Hizo ni za zamani, mama.

Umeona? Mama alikuwa ametoa jibu lote, na hakuna aliyelisikia. Nilimwomba yule kijana ajaribu chaja ya kawaida yenye tundu pana, yaani USB-A, na waya wa kutoka A hadi C. Ilikuwa ya shilingi 400. Alama ya betri ikatokea kabla sijamaliza kueleza.

Sababu ni hii. Chaja yenye tundu la USB-A hutoa volti 5 muda wote, iwe imechomekwa kitu au la. Chaja yenye tundu la USB-C ina adabu zaidi: haitoi umeme wowote mpaka ihakikishe kwamba upande wa pili kuna kifaa kinachotaka kuchajiwa. Hukitambua kifaa kwa rizista za omu 5,100, ambazo mtengenezaji anatakiwa kuziweka ndani yake, moja kwa kila pini ya mawasiliano. Rizista zisipokuwepo, chaja huamini kwamba haijaunganishwa na chochote, nayo hunyamaza. Haijalishi ni ya wati 20 au 65.

Rizista hizo mbili ni za senti tu zikinunuliwa kwa wingi, lakini watengenezaji wengine huziacha. Hawagundui tatizo kwa sababu sandukuni wanatia waya wa A hadi C. Na kosa la sehemu hii si la viwanda visivyojulikana pekee. Raspberry Pi 4 ilipotoka mwaka 2019, pini zote mbili zilikuwa zimewekewa rizista moja ya pamoja. Ikitumiwa na waya fulani wa C hadi C wenye chipu ya utambulisho, chaja iliidhani kifaa cha sauti ikakataa kuipa umeme. Toleo lililofuata lilirekebishwa.

Kwa hivyo, kabla ya kuitangaza tableti kuwa maiti, fanya majaribio mawili. Kwanza, chomeka simu inayochaji vizuri kwenye ile chaja ya C na waya wake. Simu ikichaji, chaja na waya ni wazima. Kisha ichomeke tableti kwa waya wa A hadi C. Ikichaji, kinachokosekana ni rizista. Isipochaji, iache dakika 30, kwani betri iliyoisha kabisa huchelewa kuamka. Baada ya hapo ndipo utazame vumbi kwenye tundu au umtafute fundi.

Na zile wati 65? Nyuma ya tableti ya mama paliandikwa 5V 2A, yaani wati 10. Betri yake ni mAh 5,000 kwa volti 3.7, ambayo ni kama wati-saa 18.5. Chaja ya wati 10 huijaza kwa saa mbili na nusu hivi, ukihesabu na umeme unaopotea njiani. Chaja kubwa haiwezi kuisukumia zaidi ya inachoomba.

Kijana wa duka hakuwa na nia mbaya, alifundishwa tu kuuliza jina. Natamani wenye maduka wawafundishe wauzaji wao maswali mawili badala ya hilo: chaja ya kwanza ilikuwa na tundu gani, na nyuma pameandikwa volti na ampea ngapi? Na wewe mnunuzi, usilipe kabla hujaiona alama ya betri kwa macho yako.